Je, wajua mauzo ya mnyanyasaji hutoka wapi?

“Nina duka la jumla la vifaa vya ujenzi hapa Nakuru. Kati ya wauzaji wangu watano, mmoja huuza karibu mara mbili ya kila mwenzake, lakini huwatukana na kuwadhalilisha. Kwa nini nisimvumilie, maadamu kazi anaifanya?”

Kabla ya kuifungua ripoti ya mauzo, ingekuwa vyema ulifungue daftari la kupakia mzigo. Miaka niliyokuwa nikishughulikia masuala ya wafanyakazi mjini Kisumu, niliitwa na kampuni moja ya usambazaji iliyokuwa na muuzaji wa aina hiyo, na jibu nililipata stoo wala si ofisini. Ilikuwa saa moja asubuhi, malori mawili yakipakiwa saruji na mabati. Mkuu wa stoo, mzee mpole aliyeandika kwa penseli ili aweze kufuta, alikuwa na oda za Ahero, Luanda na Bondo zilizopokelewa Jumatatu, na juu yake oda ya yule muuzaji bora iliyoingia Jumatano jioni. Iliyopakiwa kwanza Alhamisi hiyo ilikuwa ile ya Jumatano. Nilipomuuliza sababu, alinijibu bila kuinua macho: “Huyo nikimchelewesha, atanitukana mbele ya matanboi. Bora nipakie zake nipate amani.”

Mwenye duka kule Luanda hana habari za matusi hayo. Anachojua ni kwamba saruji aliyoagiza kwa muuzaji mmoja humfikia baada ya siku nne, ilhali jirani yake anayeagiza kwa muuzaji mwingine huipata kesho yake. Hatimaye na yeye huhamia kwa yule wa pili. Kwenye ripoti ya mwisho wa mwezi, muuzaji mmoja ameshuka na mwingine amepanda, na meneja humsifu aliyepanda, ingawa kampuni haijauza hata mfuko mmoja zaidi. Ndiyo maana nasema kwamba kabla ya kupima kama matokeo ya mtu yanatosha kufidia mwenendo wake, ni lazima kuuliza kwanza ni kiasi gani cha matokeo hayo kimetokana na mwenendo wenyewe.

Mlango wa pili ambao mwenendo huo hupitia kupandisha mauzo ni mikopo. Katika kampuni hiyo, karani wa hesabu alikuwa na mamlaka ya kuzuia oda ya mteja aliyepita kiwango chake cha deni. Kwa wauzaji wengine alizizuia. Kwa huyu mmoja aliziachilia, kwa sababu siku aliyojaribu kuizuia aliitwa mjinga mbele ya wateja waliokuwa wakingoja risiti. Mteja mwenye kiwango cha shilingi 300,000 akafikishwa 480,000. Kamisheni ya muuzaji ililipwa mwezi ule ule, lakini deni lilianza kuonekana kuwa bovu baada ya siku 90, na kufikia wakati huo hakuna aliyekumbuka jinsi lilivyoanza.

Sasa turudi Nakuru, tufanye hesabu ya kukadiria tu. Tuseme muuzaji wako bora huuza bidhaa za shilingi 3,000,000 kwa mwezi, na kila mmoja wa wale wanne 1,600,000, nawe unabakiwa na faida ya shilingi 8 kwa kila 100. Tofauti ya 1,400,000 inakuletea shilingi 112,000 kila mwezi, na hiyo ndiyo pesa unayoiogopa kuipoteza. Lakini tuseme daftari la kupakia linaonyesha kwamba mauzo ya 600,000 yalikuwa ya wateja waliohama kutoka kwa wenzake wa njia za Njoro na Molo baada ya kucheleweshewa mzigo. Ukiyarudisha yalikotoka, yeye anabaki na 2,400,000, wale wanne wanafika 1,750,000 kila mmoja, na tofauti ya kweli inakuwa 650,000, yaani faida ya shilingi 52,000 kwa mwezi au 624,000 kwa mwaka.

Upande wa pili, tuseme wauzaji wawili wanaacha kazi kila mwaka kwa sababu yake. Njia ya kila mmoja inakaa mwezi mzima bila mtu, kisha mgeni anauza nusu tu kwa miezi mitatu. Hata kwa kiwango kile cha chini cha 1,600,000, hayo ni mauzo ya 4,000,000 yaliyopotea kwa kila anayeondoka, au faida ya shilingi 320,000, na kwa wawili ni 640,000. Bado hatujagusa madeni mabovu, wala hasara ya karani anayeomba ruhusa ya ugonjwa kila Jumatatu.

Hesabu ya namna hii imewahi kufanywa kwa upana zaidi. Mwaka 2015, Michael Housman na Dylan Minor walichapisha kupitia Shule ya Biashara ya Harvard utafiti uliowahusu wafanyakazi zaidi ya 50,000 katika kampuni 11. Waliona kwamba wafanyakazi waliokuja kufukuzwa kwa utovu mkubwa wa nidhamu walikuwa, kwa wastani, wepesi wa kazi kuliko wenzao, jambo linaloeleza kwa nini wakubwa wao waliwavumilia muda mrefu. Hata hivyo, kuepuka kumwajiri mmoja wa aina hiyo kuliokoa takriban dola 12,500, ilhali kumpata mfanyakazi aliye bora kuliko wenzake 99 katika kila 100 kulileta kama dola 5,300. Takwimu hizo si za duka la saruji, na walihesabu waliofukuzwa, si kila mwenye ulimi mkali. Kwa hiyo usizihamishe zilivyo hadi Nakuru.

Ningekushauri pia usiutegemeze uamuzi wako kwenye hesabu, hata hiyo yangu. Ungebadilisha tu aliyeondoka awe mmoja badala ya wawili, jibu lingegeuka, na mtu yule yule aliyestahili onyo angestahili bonasi. Mauzo huamua kamisheni yake. Mwenendo huamua kama anapaswa kupewa onyo au kuachishwa kazi. Sheria ya Ajira ya 2007 yenyewe inazitenganisha sababu hizi: kifungu cha 41 kinautaja utovu wa nidhamu mahali pake na utendaji duni mahali pake.

Kuna sababu nyingine ya kisheria ambayo waajiri wengi huigundua wakiwa tayari wameshtakiwa. Kifungu cha 45 kinaitaka mahakama, inapopima kama kuachishwa kazi kulikuwa kwa haki, iangalie pamoja na mengine jinsi mwajiri alivyoshughulikia hapo awali mambo ya aina hiyo. Ukimwacha muuzaji bora atukane kwa miaka miwili, kisha umfukuze mlinzi wa lango kwa tusi moja, wakili wa mlinzi hatahitaji kutafuta mbali. Atauliza tu aliyetukana zaidi alifanywa nini. Kila unapomsamehe mwenye mauzo, unapunguza uwezo wako wa kumwadhibu mwingine yeyote.

Jambo moja katika sheria hiyo hunishangaza kila nikilisoma. Kifungu cha 44, kinachoorodhesha makosa makubwa, kinataja lugha ya matusi kwa mwajiri au kwa aliyewekwa juu ya mfanyakazi. Hakitaji matusi kwa mdogo au kwa mwenzake. Orodha hiyo haijafungwa, na makosa mengine yanaweza kuthibitishwa, lakini ni busara kanuni za duka lako ziandike waziwazi kwamba kumtukana au kumdhalilisha mfanyakazi yeyote ni kosa la nidhamu, na kila mtu azitie sahihi, akiwemo huyo anayeuza sana.

Ukiwa tayari kuchukua hatua, zungumza na kila mfanyakazi peke yake, na uandike matukio wala si sifa. “Ni mkorofi” haina uzito wowote. “Jumanne saa nne asubuhi, mbele ya wateja wawili, alimwita karani mjinga na kumtupia kitabu cha risiti” ina uzito. Kisha mpe barua ya kujieleza yenye matukio hayo, na muda wa kujibu. Ikiwa shauri linaelekea kumwachisha kazi, kifungu cha 41 kinakutaka umweleze sababu kwa lugha anayoielewa, na umsikilize akiwa na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi aliyemchagua mwenyewe. Katika kikao hicho hakika atasema, “Lakini angalieni mauzo yangu.” Jibu lake ni fupi: mauzo tutayazungumza mwisho wa mwezi, leo tunazungumzia Jumanne saa nne. Meneja akianza kikao kwa kumsifu ili kulainisha maneno, ameshindwa, kwa kuwa atakachotoka nacho mtu huyo ni zile sifa.

Sambamba na hayo, mwondolee vishikio. Oda zipakiwe kwa kufuata saa zilivyopokelewa, na ruhusa ya kuvuka kiwango cha mkopo itolewe na mtu asiyekaa dirishani. Katika kipindi hicho usimpandishe cheo, hata ukiambiwa kwamba cheo kitamtuliza.

Tahadhari moja inahitajika, kwa maana si kila anayelalamikiwa ni mnyanyasaji. Yupo anayedai kazi ifanyike kwa wakati, na yupo anayeonewa wivu kwa sababu ya kamisheni. Mimi huangalia mambo mawili. Je, ukali wake huwafikia pia wakubwa, au huwashukia wadogo peke yao? Anayekuletea chai na habari njema kila asubuhi kisha akamfokea karani dakika tano baadaye anajua vyema kujizuia. Pili, je, ukali wake huishia kwenye kazi iliyoharibika, au humfuata mtu hadi kwa mama yake, kabila lake na elimu yake? Ukitaka ushahidi zaidi, wapigie simu walioacha kazi, wiki kadhaa baada ya kuondoka. Barua zao za kujiuzulu karibu zote huandika “sababu za kibinafsi”.

Kule Kisumu, muuzaji yule alipewa onyo la maandishi na foleni ya kupakia ikawekwa ukutani. Miezi minne baadaye alikuwa wa tatu katika orodha ya mauzo, naye akaondoka kwa hiari yake kwenda kwa mshindani. Mwajiri alikuwa na hofu kwamba angeondoka na wateja. Aliondoka na wawili, na wote wawili walikuwa kwenye orodha ya madeni ya zaidi ya siku 90.