Je, wajua? Madaktari walipokubaliana na mahakama ikakataa

Madaktari wote wakisema muuaji ni mgonjwa wa akili, kwa nini bado aweze kuhukumiwa kwa mauaji ya kukusudia?

Kwa sababu ugonjwa ni nusu tu ya swali. Sheria ya Uingereza na Wales ya mwaka 1957, iliyorekebishwa mwaka 2009, inamtaka mshtakiwa mwenyewe athibitishe kwamba alikuwa na hitilafu ya akili iliyotokana na ugonjwa unaotambuliwa na tiba, kwamba ilipunguza kwa kiasi kikubwa uwezo wake wa kuelewa alichokuwa akikifanya, wa kupima mambo au wa kujizuia, na kwamba hitilafu hiyo ndiyo inayoeleza kwa nini aliua. Akifaulu, kosa linashuka na kuwa kuua bila kukusudia, jina ambalo hapa linapotosha kidogo, maana huenda alikusudia kweli. Kilichopungua ni lawama.

Mwaka 1981 Peter Sutcliffe, aliyewaua wanawake 13 kaskazini mwa Uingereza, alikiri kosa hilo dogo. Madaktari wa magonjwa ya akili waliomchunguza, wakiwemo wa upande wa mashtaka, walikubaliana kwamba alikuwa na skizofrenia, na Mwanasheria Mkuu alikuwa tayari kupokea ungamo hilo. Jaji Boreham alikataa. Maoni ya madaktari yalisimama juu ya maelezo ya Sutcliffe mwenyewe, kwamba alisikia sauti ya Mungu makaburini ikimtuma kuua, ilhali polisi walipomhoji mwanzoni hakuitaja sauti hiyo. Ushahidi wa daktari hauwezi kuwa imara kuliko habari alizopewa na mgonjwa, na kupima ukweli wa habari hizo ni kazi ya jopo la raia 12. Jopo hilo, kwa kura 10 dhidi ya 2, lilimtia hatiani kwa mauaji ya kukusudia. Miaka mitatu baadaye alihamishiwa Broadmoor, hospitali ya magonjwa ya akili yenye ulinzi mkali, kwa hiyo naamini ugonjwa ulikuwepo. Alichoshindwa kukithibitisha ni kwamba ndio uliomwongoza.

Hata hivyo, jopo haliruhusiwi kuutupa ushahidi wa kitabibu kwa kutopenda tu matokeo yake. Katika kesi ya Brennan ya mwaka 2014, daktari aliyeunga mkono utetezi huo hakupingwa na yeyote wala hapakuwa na jambo jingine la kumkanusha, na Mahakama ya Rufaa ikaigeuza hatia ya mauaji ya kukusudia kuwa kuua bila kukusudia.

Tofauti hiyo ni nzito kwenye adhabu. Mauaji ya kukusudia yana adhabu moja tu, kifungo cha maisha. Kosa likishuka, jaji hurudi kwa madaktari na kuwauliza kama ugonjwa unatibika na hatari inatokana na nini, kisha huchagua: amri ya kulazwa hospitalini yenye vizuizi juu ya kuachiwa, hospitali kwanza na gereza baadaye, au kifungo, hata cha maisha.