Kijana Ameanguka Mwembeni, Miguu Haisogei: Daktari Anatafuta Nini?

Mtu akiumia uti wa mgongo, ndugu zake huuliza jambo moja kwanza: atatembea tena? Picha ya eksirei haiwezi kuwajibu, kwa sababu inaonyesha pingili zilizovunjika, haionyeshi kama uti uliomo ndani bado unapitisha ujumbe. Dalili za mwanzo za jibu hupatikana pale kitandani, kwa pamba, pini na kidole kilichovaa glavu.

Tuchukue mfano wa kijana wa miaka 22 aliyeanguka kutoka juu ya mwembe. Anafika hospitali presha ikiwa 80/40 na mapigo ya moyo 48 kwa dakika. Aliyepoteza damu nyingi kwa kawaida mapigo yake hukimbia. Haya yapo chini na ngozi ni ya joto, kwa kuwa neva zinazokaza mishipa ya damu na kuharakisha moyo zimekatiwa mawasiliano. Hata hivyo ni lazima kwanza kuhakikisha havuji damu tumboni au kifuani. Kumwongezea dripu moja baada ya nyingine kunaweza kumjaza maji mapafuni, kwa hiyo mara nyingi huhitaji dawa ya kukaza mishipa kama noradrenalini. Namba ya juu ya presha isiachwe chini ya 90, maana uti uliojeruhiwa ukikosa damu huumia mara ya pili.

Wakati wote huo shingo imetulizwa kwa kola. Akigeuzwa, mmoja hushika kichwa na kutoa amri, wengine humgeuza mwili wote kwa pamoja kama gogo.

Sasa upimaji. Kila neva inayotoka kwenye uti ina eneo lake la ngozi: ya sita ya shingo, C6, ni ya kidole gumba, T4, ya nne ya kifua, iko usawa wa chuchu, T10 usawa wa kitovu. Daktari hugusa kwa pamba, kisha kwa pini, na kulinganisha na shavu. Kisha hupima nguvu za misuli, kutoka 0 hadi 5, ambapo 3 ni kuweza kuinua kiungo dhidi ya uzito wake chenyewe. Kijana wetu anakunja viwiko kwa nguvu kamili, 5. Kuinua kiganja kwa nyuma, kazi ya C6, ni 3. Kunyoosha kiwiko, kazi ya C7, ni mtikisiko tu wa msuli, 1. Vidole na miguu ni 0. Kiwango cha misuli ni C6, yaani msuli wa chini kabisa wenye angalau 3 huku wa juu yake ukiwa na 5. Kwenye ngozi pia, gumba ndilo eneo la mwisho analolihisi sawasawa.

Watu wengi wangeishia hapo na kusema uti umekatika. Lakini daktari anaendelea hadi njia ya haja kubwa, sehemu ambayo wagonjwa huionea haya na ambayo haifai kurukwa. Neva za huko, S4 na S5, ndizo za mwisho kabisa. Zikipata ujumbe, basi kuna nyuzi zilizovuka jeraha. Kijana anahisi pamba pembeni mwa njia hiyo, ila akiambiwa abane kidole cha daktari hawezi. Jeraha lake si kamili: kwenye kipimo cha A hadi E ni daraja B, hisia bila mwendo. Asingehisi chochote, hata kidole kikibonyeza ndani, na asingeweza kubana, lingekuwa A. Ule mtikisiko wa C7 haubadilishi kitu, kwani uko karibu mno na jeraha.

Daraja la siku ya kwanza si hukumu. Uti unaweza kuzimika kwa muda baada ya kishindo, na maumivu au pombe huvuruga majibu, hivyo upimaji hurudiwa, hasa baada ya saa 72. Siku hiyo kidole gumba cha mguu kinajongea kidogo kwa amri. Sasa ni C, na matumaini ya kupata nguvu za miguu ni makubwa kuliko mwanzo. Mguu ukirukaruka wenyewe bila amri hauhesabiwi. Nusu au zaidi ya misuli iliyo chini ya jeraha ikifikia 3, huwa D. E ni kurudi kawaida.

Pingili zikiwa zinabana uti, upasuaji wa kuukomboa hufaa kufanyika ndani ya saa 24 inapowezekana. Huku nyuma anawekewa mpira wa mkojo, kwa sababu kibofu hujaa bila yeye kuhisi, na anageuzwa kila saa 2 ili asipate vidonda vya kulalia. Muuguzi pia hutazama pumzi: kwa jeraha la shingo tumbo hupanda huku kifua kikibaki kimetulia, kikohozi huwa dhaifu, na anaweza kuchoka kupumua siku za mwanzo. Akihamishiwa hospitali nyingine, namba za kila msuli na majibu ya S4 na S5 ziandikwe kwenye barua ya rufaa pamoja na saa ya kupimwa, ili watakaompokea wajue kama anashuka au anapanda.