Je, Wajua? Baada ya Salamu, Mombasa Huongewa Nini?

"Nimehamia Mombasa kikazi. Nikishamaliza salamu na jirani, maneno huniishia. Niongee nini, na nini nisikiguse?"

Anza na jambo ambalo mwenzako anaweza kulijibu bila kukuingiza ndani kwake. Jua la leo ni la wote, na foleni ya feri ya Likoni ni ya wote. Hakuna anayeonewa kijicho wala kusengenywa kwa kusema joto limemchosha. Ndiyo maana hewa, chakula na safari hazichoshi baraza.

Tuseme ni Januari, baada ya alasiri, barazani Mji wa Kale. Muuza kahawa amepita na dele lake na wazee wameshika vikombe. Kijana aliyehamia kutoka Nakuru anafika.

"Asalaam aleikum, wazee."

"Waaleikum salaam. Karibu, mwanangu."

"Ahsante, mzee. Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo, alhamdulillahi. Na wako?"

"Wazima. Joto la leo, mzee, si mchezo."

"Hiyo ndiyo kaskazi. Ngoja Februari, hata feni itapuliza moto! Umekuja na basi?"

"Na treni ya usiku. Kumbe kutoka kituo cha Miritini kuja mjini ni safari nyingine!"

Wazee wanacheka, mmoja anasogea, kijana anapata pa kukaa. Hajaambiwa siri ya mtu, naye hajaulizwa yake.

Angalia alivyouliza habari za nyumbani. "Hawajambo" inambeba mke, watoto, mama na wagonjwa kwa pamoja, na mwenye nyumba ndiye anayechagua kama atamtaja mmoja. Ukimwuliza mwanamume usiyemzoea "mkeo hajambo?", hasa mbele ya watu, utajibiwa kwa adabu, ila pataingia ubaridi. Nani mjamzito, mbona fulani hajaolewa, una watoto wangapi: hayo nayo yaache mpaka mwenyewe ayalete. Mtoto akipita na ukataka kumsifu, tanguliza mashallah, maana sifa tupu humtia mzazi hofu ya jicho.

Hali ya hewa yataka ujue msimu. Kaskazi huvuma Desemba hadi Machi, na joto lake ni la fukuto. Kusi hushika kuanzia Aprili, huja na masika, na Mei ndiyo mvua hasa. Lakini tazama unaongea na nani. Kwa karani upepo wa kusi ni nafuu, kwa mvuvi wa mashua ndogo huenda ni siku ya kukosa riziki. Mbele yake usiusifu. Muulize bahari ikoje, naye atakueleza kuliko ulivyotarajia.

Kwenye chakula ndiko wageni wengi hukosea, tena kwa nia njema. Kumwuliza mtu amepika nini leo ni kuchungulia chunguni, na chungu hueleza hali ya mfuko. Uliza vinavyouzwa nje: viazi karai vizuri vapatikana wapi, mahamri ya asubuhi yanunuliwe kwa nani, mbaazi za nazi za mtaa huu zikoje. Kila mtu ana wake anayemwamini na atamtetea kama wakili. Ramadhani ikiingia, usimwulize mtu kama amefunga. Waweza kusema "mwaendeleaje na swaumu?" kwa wale unaojua wamefunga, basi.

Safari ni rahisi zaidi, mradi uulize njia na si shughuli. "Kivukoni kulikuwaje?" ni salama. "Ulikwenda Likoni kufanya nini?" ni upelelezi.

Kodi, mshahara, siasa na kabila mgeni hana haja nazo siku ya kwanza. Nitakaa kidogo kwenye ardhi, kwa kuwa hiyo hujificha ndani ya swali la kawaida kabisa: "Nyumba hii ni yako?" Hapa Mombasa mtu anaweza kuwa mwenye nyumba na asiwe mwenye kiwanja, kuta ni zake, ardhi ya mwingine, na kodi ya ardhi analipa. Sheria ya hati za ardhi ya 1908 iliwataka watu wa ukanda wa pwani waandikishe madai yao, na ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa ya serikali ya kikoloni. Wengi walipoteza, na madonda hayo bado yanazungumzwa majumbani. Wewe umesimama kibarazani tu, huijui hadithi ya nyumba hiyo.

Ukigusa pabaya hutagombezwa. Utasikia "Mungu ndiye ajuaye", au mwenzako ataanza salamu upya: "Haya, na kazi yaendaje?" Hapo usifuatilie wala usiombe radhi kwa hotuba ndefu. Jibu kwamba kazi ni nzuri, kisha uliza kama upepo wa jioni utakuja.