Kutoka "Ndivyo Ilivyo" Hadi "Inapaswa": Hoja Inakatika Wapi?

*Kama jambo limeshathibitishwa kuwa kweli, kwa nini ukweli huo hautoshi kutuambia tufanye nini?*

Kwa sababu hoja halali haizai kitu kipya. Kazi yake ni kutoa nje kile kilichokuwa tayari ndani ya kauli za mwanzo. Kauli hizo zikiwa zote za "ndivyo ilivyo", kisha mwishoni likatokea neno "inapaswa", neno hilo limepitia mlango wa uani.

Chukua sigara. Kauli ya kwanza: kuvuta sigara husababisha saratani ya mapafu. Hitimisho: Juma hapaswi kuvuta. Ili kuipima hoja hii, ikubali kauli ya kwanza, likane hitimisho, kisha utazame kama umejipinga. Juma akisema, "Najua zinaua, lakini naipenda raha ya leo kuliko uzee," unaweza kumwita mpumbavu, ila hajajipinga. Mlinganishe na mtu anayesema kwamba Pemba ni kisiwa, Asha anaishi Pemba, lakini Asha haishi kisiwani. Huyo amejifunga kwa maneno yake mwenyewe.

Hoja ya sigara inapona ukiiongezea kauli iliyofichwa: mtu hapaswi kuhatarisha uhai wake kwa ajili ya starehe. Sasa hitimisho linafuata sawasawa. Lakini kauli hiyo haikutoka maabara, na ndiyo hasa Juma anayoikataa. Wala hii haina maana kwamba ukweli hauna kazi. Bila ile kauli ya saratani, kanuni ya kulinda uhai isingetuambia lolote kuhusu sigara. Vyote viwili vinahitajika, na ugomvi mwingi unaoonekana kuwa wa takwimu kwa kweli ni wa kile kilichofichwa.

Aliyeuonyesha ufa huu ni David Hume, mwanafalsafa wa Uskoti, mwaka 1740. Aliona waandishi wa maadili wakiendelea vizuri na "ni" na "si", mara ghafla wanarukia "yapasa" bila kueleza wamefikaje huko. Jibu lake mwenyewe lilikuwa kwamba maadili hukaa katika hisia: tunauona ukatili na moyo unachukia, na bila chuki hiyo orodha ya matukio isingetusukuma popote. Mwanafalsafa Mjerumani Immanuel Kant hakuridhika na hilo. Kwake, wajibu hutoka katika akili inayojiwekea sheria, kwa hiyo hakuna haja ya kuuchimba kutoka kwenye mambo yanavyokwenda duniani.

Jaribio shupavu zaidi la kuuvuka ufa huo lilikuja mwaka 1964 kutoka kwa mwanafalsafa Mmarekani John Searle. Alianza na tukio tupu: Jones ametamka, "Naahidi kukulipa wewe, Smith, dola 5." Kwa hiyo, katika hali ya kawaida (hayuko jukwaani akiigiza, wala hajashikiwa bunduki), Jones ameahidi. Kwa kuwa ameahidi, amejitia katika wajibu. Kwa kuwa amejitia, ana wajibu. Na mwenye wajibu wa kulipa, mambo mengine yakiwa sawa, anapaswa kulipa. Hatua kwa hatua, tumetoka kwenye sauti ya kinywa hadi "anapaswa".

Ni hoja nzuri, na kuikosoa si kazi nyepesi. Mahali pa kuchungulia ni pale "ameahidi" inapogeuka "amejitia katika wajibu". Searle anasema hiyo ni maana tu ya neno kuahidi. Mwanafalsafa Mwingereza Richard Hare alimjibu kwamba hapo ndipo ilipofichwa kanuni ya maadili, ile inayotaka ahadi zitimizwe, na kwamba anayelitumia neno hilo kwa moyo mmoja ameshaikubali. Mimi naona Hare ana nguvu zaidi. Mgeni anayechunguza desturi za watu anaweza kuripoti, "Kwa kanuni zao, huyu anadaiwa," bila yeye mwenyewe kuamini kwamba deni hilo lilipwe. Searle ametufikisha kwenye wajibu kwa mujibu wa desturi ya kuahidi. Kwa nini tuifuate desturi hiyo, bado ni swali.

Wengine, kama mwanafalsafa Mwingereza Philippa Foot, wanashuku kama ukuta kati ya "ndivyo ilivyo" na "inapaswa" umejengwa vizuri tangu mwanzo. Tazama neno "bahili". Ukimwita mtu bahili unaeleza tabia inayoonekana, kwamba ana uwezo lakini hatoi, na papo hapo unamlaumu. Hare angeligawa: kutoa kidogo ni ukweli, lawama ni nyongeza yetu. Anayempinga atamwomba alifanye hilo kweli, yaani atupe orodha ya matendo yote ya ubahili bila kuonja lawama hata kidogo. Kutoa kidogo peke yake hakutoshi, maana mwekevu naye hutoa kidogo. Ili kuwatenganisha inabidi kwanza ujue ni kiasi gani kilifaa kutolewa, na hapo neno "kufaa" limesharudi ndani ya orodha.