Cheti cha nyota kinathibitisha nini?

“Nimemnunulia mchumba wangu nyota yenye jina lake. Je, wanaastronomia sasa wataiita hivyo?”

Hapana. Ulichonunua ni karatasi nzuri na mstari mmoja kwenye daftari la muuzaji. Muuzaji mwingine anaweza kuuza nyota hiyohiyo kesho kwa jina lingine, kwa kuwa kila muuzaji ana daftari lake.

Majina yanayotambuliwa na wanasayansi hupitishwa na Umoja wa Kimataifa wa Astronomia, ulioanzishwa mwaka 1919, nao hauuzi jina lolote. Nyota nyingi mno hazina jina kabisa, zina namba za katalogi tu. Mwaka 2019 umoja huo uliendesha kampeni ambayo kila nchi shiriki ilipewa nyota moja na sayari yake izipe majina. Nyota WASP-71 ikapata jina Mpingo, lililotoka Tanzania. Hakuna aliyelilipia.

Unaweza kujihakikishia mwenyewe. Kwenye cheti kuna viwianishi viwili vya mahali angani. Viandike katika hifadhidata ya bure iitwayo SIMBAD. Kama nyota ipo, utaona namba zake za katalogi, lakini jina la mchumba wako halitakuwepo. Tazama pia namba ya mng'ao wake: ikizidi takribani 6, nyota haionekani kwa macho matupu, maana namba ikiwa kubwa nyota ni hafifu zaidi.

Kama zawadi, cheti hakina ubaya. Mwambie tu mchumba wako ukweli kabla hajakitafuta mwenyewe.