"I wish you have" sio Kiingereza: dhana potofu kwenye salamu ya bethdei ya sentensi moja

Juzi usiku mwanafunzi wangu kanitumia meseji, "Ticha samahani kwa usumbufu, kesho bethdei ya bosi wangu, hii iko sawa?" alafu chini kaweka sentensi yake: "I wish you have a happy birthday and long life." Nikamjibu kifupi tu, toa "have", na kabla ya "long life" weka "a". Ikawa hivi: "I wish you a happy birthday and a long life." Akashukuru, nikajua yameisha. Dakika mbili tatu karudi tena: "Lakini ticha, si tunasema nakutakia UWE na siku njema? Sasa hiyo 'uwe' imeenda wapi?"

Swali lake ni la haki kabisa na ndio maana nimeamua kuliandikia vizuri, maana hii "I wish you have" nakutana nayo mpaka nachoka, kwa wanaoanza na kwa watu wenye digrii zao.

Dhana yenyewe ni kwamba "wish" na "hope" ni kitu kimoja, unachukua yoyote inayokuja kichwani. Sio kweli. Kinachotuponza ni kwamba kwetu kitenzi "kutakia" kinafanya kazi zote mbili, unaweza kusema "nakutakia siku njema" na unaweza kusema "nakutakia uwe na siku njema", zote safi. Kiingereza hizo kazi mbili kimezigawa. "Wish" ya salamu inataka mtu, kisha inataka kile kitu unachomtakia, basi imeshiba: "I wish you a happy birthday", "I wish you good luck", "I wish you all the best". Angalia baada ya "you" hakuna kitenzi chochote, kuna nomino tu. "Hope" yenyewe inataka sentensi kamili yenye mtenda na kitenzi chake: "I hope you have a happy birthday." Na ukigeuza ukaandika "I hope you a happy birthday" umekosea vilevile, kwa sababu sasa "hope" umeinyima kitenzi chake.

Kwaiyo ukitaka kujipima mwenyewe bila kumwamsha mtu usiku, ziba kwa kidole kuanzia mwanzo mpaka "you", alafu soma neno linalofuata. Likiwa "have", "enjoy", "get", "live", yani kitenzi, mwanzo uwe "I hope". Likiwa ni kitu, "a happy birthday", "success", "good health", mwanzo uwe "I wish". Kwenye salamu za bethdei hiki kipimo kinatosha.

Sasa shida inayonikera zaidi ni pale mtu akiambiwa "I wish you have" ni kosa anajaribu kuirekebisha kwa kubadilisha kitenzi badala ya kukitoa. Wa kwanza anaandika "I wish you had a happy birthday" kwa sababu alishafundishwa kwamba baada ya "wish" kitenzi kinarudi wakati uliopita. Kafundishwa vizuri, ila hiyo ni "wish" nyingine, ile ya kutamani kitu ambacho hakipo. "I wish you were here" maana yake haupo hapa. "I wish you had a car" maana yake gari huna. Basi fikiria bosi asubuhi anafungua simu anakutana na "I wish you had a happy birthday", anachosoma ni kama vile bethdei yake sio ya furaha na wewe unamsikitikia!

Wa pili anaweka "would": "I wish you would have a happy birthday." Hapa ndio panauma zaidi, maana "I wish you would" ukimwambia mtu usoni mara nyingi ni lawama, kama vile "I wish you would listen to me", yani natamani ungenisikiliza ila hutaki. Salamu inageuka manung'uniko. Wa tatu anaandika "I wish you to have a happy birthday", ambayo ndio tafsiri ya moja kwa moja ya "nakutakia uwe na". Huo muundo upo kwenye Kiingereza, lakini ni wa kirasmi na una harufu ya amri, "I wish you to leave" ni nataka uondoke, kwaiyo kwenye kadi unashtua.

Ushauri wangu ni uleule siku zote, ukiona kitenzi baada ya "I wish you" kwenye salamu, usikitengeneze, kitoe.

Kuhusu ile "a" niliyomwongezea, watu wanadhani haina kazi kwa sababu "Happy birthday!" haina. "Happy birthday!" imesimama peke yake kama tunavyosema "heri ya kuzaliwa!", ukiiingiza ndani ya sentensi inakuwa kitu kinachohesabika, hivyo "a happy birthday", na "a long life" hivyohivyo. "Good health", "happiness" na "success" kwenye salamu haziwekewi "a".

Zingine fupi fupi. Wapo wanaosema "Happy birthday" pekee ni kosa kwa sababu haina kitenzi, hapana, ni salamu kamili, na kama una wasiwasi andika hiyo tu. Wapo wanaoogopa "Many happy returns" wakidhani kuna kitu kinarudishwa, kinachorudi ni siku yenyewe, yani irudi mara nyingi ukiwa na furaha. Kuna ya kusema "simu haijanichorea mstari mwekundu kwaiyo iko sawa", ule mstari unaangalia tahajia ya neno mojamoja, na kwenye "I wish you have" kila neno limeandikwa sahihi. Na jina la mtu linatanguliwa na koma, "Happy birthday, Asha", kwenye meseji wengi wanaiacha na hakuna atakayekugombeza, kwenye kadi ya ofisi iweke.

Yule mwanafunzi kesho yake akarudi na nyingine, sasa anataka kuandika kwenye grupu la kazini kuhusu bosi, ambaye ni mama: "I hope she have a wonderful day." Nikamwambia "hope" umechagua vizuri, ila baada yake ni sentensi ya kawaida, na "she" inataka "has". Akaniuliza mbona kaona mtu kaandika "May she have a wonderful day" na ikapita. Imepita kwa sababu "may" ya dua inafuatwa na kitenzi kikiwa uchi bila "s" yoyote, ndio maana ni "May God bless you" na sio "blesses". Akaituma ile ya "has".