Reflekta: kona inayougeuza mwale urudi ulikotoka

Je, kwa nini reflekta ya baiskeli humrudishia dereva mwanga wa taa zake hata ikiwa imekaa upande, ilhali kioo cha kawaida kikiinama kidogo tu mwanga unaenda pembeni? Na yale macho ya paka ya barabarani, vile vioo vidogo vilivyopachikwa kwenye lami ving'ae usiku, nayo yanafanya kazi vilevile?

Tazama kona ya chumba, pale kuta mbili zinapokutana na sakafu. Nyuso hizo tatu zimesimamiana kwa nyuzi 90. Sasa zifanye zote kuwa vioo, kisha urushe mwale ndani ya kona hiyo. Mwendo wa mwale wowote unaweza kugawanywa katika sehemu tatu: kiasi unachokwenda kulia au kushoto, mbele au nyuma, juu au chini. Kioo bapa hugeuza sehemu moja tu kati ya hizo, ile inayokiingia moja kwa moja, na nyingine mbili huziacha kama zilivyokuwa.

Tuseme mwale unakwenda hatua 2 kulia, 3 mbele na 1 chini. Ukigonga ukuta wa kulia unakuwa 2 kushoto, 3 mbele, 1 chini. Ukigonga sakafu unakuwa 2 kushoto, 3 mbele, 1 juu. Ukigonga ukuta wa mbele unatoka ukiwa 2 kushoto, 3 nyuma, 1 juu. Kila sehemu imepinduliwa mara moja, kwa hiyo mwelekeo mzima umegeuka kinyume kabisa. Anza na uso wowote kati ya hizo tatu, jibu ni lilelile. Badilisha namba utakavyo, nalo halibadiliki. Ndiyo maana kuinamisha reflekta hakuharibu kitu: ukiizungusha kona nzima unabadilisha tu namna ya kuugawa mwendo wa mwale, na kugeuzwa mara tatu kunabaki palepale.

Angalia lakini kwamba mwale haurudi juu ya mstari uleule. Unarudi sambamba na ulivyokuja, ukiwa umesogea hadi upande wa pili wa ncha ya kona. Kwa kona yenye upana wa mita moja, msogeo huo ungeonekana wazi. Kwenye reflekta ya baiskeli kila kona ina upana wa milimita chache tu, na zimepangwa nyingi bega kwa bega, hivyo msogeo hauzidi milimita hizo. Uso laini wa mbele nao hauvurugi usambamba. Mwale hupinda unapoingia kwenye plastiki, na unapotoka hupinda kiasi kilekile kinyume.

Ukiishika reflekta mkononi utaona kwamba mara nyingi meno yake ya nyuma, yaani zile kona ndogo, hayajapakwa rangi ya fedha wala kitu chochote. Kinachoakisi ni mpaka wa plastiki na hewa. Mwale uliomo ndani ya akriliki, plastiki angavu inayotumika sana kwa kazi hii, ukigonga mpaka huo kwa zaidi ya nyuzi 42 hivi, zikipimwa kutoka mstari uliosimama wima juu ya uso, hauwezi kutoka. Unaakisiwa wote bila kupotea. Na mwale ulioingia reflekta ukitokea mbele moja kwa moja hugonga kila uso wa kona kwa nyuzi 55 hivi. Nafasi ya kutosha ipo.

Hapo ndipo ugonjwa mkubwa wa reflekta unapoanzia. Ikipata ufa, maji yakaingia nyuma na kulowesha meno, mpaka sasa ni wa plastiki na maji, na kikomo kinapanda kutoka nyuzi 42 hadi 63 hivi. Nyuzi 55 hazifiki, kwa hiyo mwanga mwingi unapenya na kupotelea nyuma. Mtu akitazama mchana ataiona reflekta nyekundu safi, lakini usiku imekufa. Ukiwa na kipande kilichovunjika, tia tone la maji upande wa meno, kimulike kwa tochi, na utaona doa jeusi mahali pa tone. Likikauka, mng'ao unarudi. Gundi ni mbaya kuliko maji kwa sababu haikauki ikaondoka na kuacha hewa. Anayerudishia reflekta iliyobanduka apake gundi kwenye ukingo tu, asijaze meno.

Kuna reflekta ambazo meno yake hupakwa alumini. Hizo haziogopi maji, ila alumini hubakiza takriban asilimia 90 ya mwanga kila inapoakisi, na baada ya kuakisi mara tatu hubaki kama asilimia 73.

Kuinama nako kuna mwisho wake, ingawa hesabu ya kona haina tatizo. Reflekta ya akriliki ikiinama karibu nyuzi 19 kuelekea upande ulio mbaya zaidi, mmoja kati ya nyuso tatu unashuka chini ya nyuzi 42 na kuanza kuvujisha mwanga. Kwa sababu hiyo reflekta nyingi za baiskeli zimegawanywa vipande, meno ya katikati yakitazama moja kwa moja na ya pembeni yakielekezwa kulia na kushoto.

Jambo jingine linashangaza: reflekta kamilifu kupita kiasi isingefaa barabarani. Ingeurudisha mwanga wote kwenye taa, na macho ya dereva hayako kwenye taa. Kwenye gari dogo yako juu yake kwa sentimita 60 hivi, ambazo kutoka mita 100 ni theluthi moja ya nyuzi. Makosa madogo ya pembe za meno hutawanya mwanga kiasi cha kuyafikia. Dereva wa lori hukaa juu zaidi ya taa zake, mita 1.5 au zaidi, kwa hiyo kwa umbali uleule huiona reflekta hiyohiyo ikiwa hafifu.

Kupima yako, simama mita 10 kutoka kwenye baiskeli gizani, weka tochi ya simu ubavuni mwa jicho, utazame. Inapaswa kuwaka vikali, bila madoa meusi. Kisha unyooshe pembeni mkono wenye tochi, ukiendelea kuielekeza tochi kwenye reflekta. Mng'ao utazimika karibu wote. Kwa baiskeli ya mizigo, funga reflekta kwenye sehemu ya chini ya madigadi, maana gunia hufunika ile iliyo chini ya kiti.

Macho ya paka hupata matokeo hayohayo bila kona. Percy Shaw wa Halifax, Uingereza, aliomba hataza yake mwaka 1934. Mbele kuna kioo angavu cha mviringo kinachokusanya miale sambamba kwenye nukta moja, na kwenye nukta hiyo kuna kioo cha kuakisi. Mwanga unaoanzia nukta hiyo hupita tena kwenye mviringo ukatoka sambamba, kuelekea ulikotoka. Masharti ni umbali. Tufe la kioo cha kawaida hukusanya miale nyuma ya mgongo wake, nje kwa nusu ya nusukipenyo chake, ndiyo sababu kioo cha jicho la paka hurefushwa kwa nyuma na mkia huo ndio unaopakwa fedha.

Shaw aliyaweka macho hayo ndani ya mpira uliokaa kwenye kitako cha chuma. Gurudumu likikanyaga, mpira unashuka na kufuta vioo, ukitumia maji ya mvua yaliyokusanyika kitakoni. Shanga ndogo za kioo zinazonyunyizwa juu ya rangi ya barabara hutumia kanuni ileile ya tufe, lakini hazina ulinzi huo: mvua ikizifunika, miale haipindi tena vya kutosha kukutana mahali pake, na mstari mweupe unapotea machoni pa dereva huku jicho la paka lililoinuka juu ya lami likiendelea kuwaka.